Li, me na na katika kusimulia yaliyopita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye karatasi zinazopita mikononi mwangu hapa Tanga: insha za watoto wa sekondari, maelezo ya ajali na wizi, taarifa za vikundi vya wavuvi, na mara mojamoja daftari la mgeni anayejifunza Kiswahili. Tatizo hujirudia. Mwandishi anaanza na "nilitoka", katikati ya njia anaingia "nimefika", mwisho wa kisa yuko kwenye "anakimbia", na msomaji hajui tena lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Hapa nashughulika na usimulizi wa mambo yaliyopita tu.

## Shuleni tulifundishwa li ni wakati uliopita, me ni timilifu, na ni wakati uliopo. Sasa kinachotatiza ni nini?

Mafundisho hayo yanatosha kwa sentensi iliyosimama peke yake. Ukisema "Mama anapika", kila mtu anajua moto uko jikoni sasa hivi. Lakini ukisema "Jana nilimkuta mama anapika", ile na haizungumzii sasa hivi hata kidogo. Chakula kilishaliwa, sufuria zimeoshwa. Na hiyo inazungumzia saa ile nilipomkuta.

Kwa hiyo katika kisa, li ndiyo inayofanya kazi ya nanga: inalifunga tukio mahali pake katika wakati uliokwisha. Me na na hazina wakati wao wenyewe hapo. Zinaning'inia kwenye ile li na kueleza mambo yalikuwaje wakati huo: na husema shughuli ilikuwa ikiendelea, me husema tendo lilikuwa limekwisha na matokeo yake yapo.

Chukua duka la mtaani kwetu Ngamiani. Nikiandika "Nilikuta duka limefungwa", maana yake nilichelewa. Nilipotokea, kufuli lilikuwa liko mlangoni. Nikiandika "Nilikuta duka linafungwa", maana yake nilimkuta mwenye duka anahangaika na komeo, na kama ningemwomba vizuri pengine angeniuzia sukari. Nikiandika "Nilipofika, duka lilifungwa", basi nilifika kwanza, halafu likafungwa, na msomaji ana haki ya kuuliza kama lilifungwa kwa sababu yangu. Ni matukio matatu tofauti, na kilichobadilika hasa ni kiambishi cha kitenzi kufungwa.

## Kwa nini "nilimkuta analala" inaonekana kosa, na "nilimkuta anapika" ni sawa?

Kwa sababu vitenzi havifanani tabia, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Kupika, kulima, kuimba, kutembea na kuvua ni shughuli zinazochukua muda. Mtu yuko ndani ya shughuli, na wewe unamkuta humo. Na inakaa vizuri kabisa: nilimkuta analima, niliwaona wanavuta nyavu.

Kulala, kukaa, kusimama, kuinama, kuvaa, kushika, kubeba, kuchoka, kushiba, kulewa, kuiva na kukauka ni vitenzi vya namna nyingine. Vyenyewe vinataja ule mpito wa kuingia katika hali fulani. Ukishaingia, Kiswahili huieleza hali hiyo kwa me. Aliyevuka mpito wa kusimama "amesimama", na ataendelea kuwa "amesimama" hata kwa saa nzima mpaka aketi. Hii haishangazi ukikumbuka kwamba wachunguzi wa historia ya Kiswahili huihusisha me na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza: ameshamaliza kuingia katika hali ile.

Ukiviwekea na, vitenzi hivi hurudi kwenye mpito wenyewe, au huhama kabisa na kuwa tabia ya kila siku. "Anavaa kanzu" ni yule ambaye bado anapenyeza mikono, au ndiyo desturi yake ya Ijumaa. Aliye nayo mwilini "amevaa kanzu". "Anakaa Chumbageni" ni makazi yake, "amekaa" yuko kitini. "Anasimama" ndiyo kwanza ananyanyuka, au basi ndiyo kwanza linapunguza mwendo. Na "analala" ni yule anayepitiwa na usingizi, au anayelala kwa mjomba wake siku za shule. Ndiyo maana "nilimkuta analala" inaleta picha ya mtu anayejilaza wakati huohuo mgeni anapopiga hodi.

Mwangalie muuza maembe. Akikuambia "haya yanaiva", usinunue ya kula leo. Akisema "haya yameiva", kata.

Kuna kundi dogo linalokwenda kinyume: kujua, kupenda, kutaka, kuumwa. Hizi ni hali, lakini huelezwa kwa na. "Nilimkuta anaumwa" ndiyo Kiswahili chake.

## Je, ni lazima niweke "alikuwa" kabla ya me na na?

Inategemea kama nanga iko karibu. Vitenzi kama kukuta, kuona, kusikia na kuacha vikiwa na li, tayari nanga ipo, na kinachofuata hakihitaji msaada: nilimkuta amelala, nilimsikia analia, nilimwacha anaoga. Sentensi ikisimama yenyewe, weka alikuwa: "Nilipofika, alikuwa amelala." Ukipenda ki badala ya na, "alikuwa analia" na "alikuwa akilia" yote yanakubalika, ya pili ina sauti ya kitabuni zaidi.

Usichoweza kufanya ni kufunga nanga mbili kwenye jambo moja: "alikuwa alilala". Chagua moja.

## Naomba mfano mzima, siyo vijisentensi.

Huu hapa. Nimeutunga mwenyewe kwa kuunganisha makosa ninayokutana nayo katika maelezo ya wizi. Wahusika hawapo, lakini makosa yapo kila wiki. Tuseme ni mvuvi wa Sahare:

"Jana usiku saa tano nimetoka nyumbani nakwenda pwani kuangalia ngalawa yetu. Nilipofika, mlango wa banda ulifunguliwa na mlinzi alilala. Ndani nilimwona kijana mmoja anashika tangi la mafuta. Nimemuuliza unafanya nini, anakimbia nalo. Nilipiga kelele, watu wanakuja, lakini kijana amepotea. Mpaka leo tangi halikupatikana."

Ukimsikia anasimulia kwa mdomo, utaelewa, kwa sababu mikono na macho yake vinasaidia. Karatasi haina mikono.

Anza na "nimetoka". Kuna usiku uliotajwa na kuna saa iliyotajwa. Hapo ndipo pa kufunga nanga: "nilitoka". Hili ni dogo, halimdhuru mtu.

La pili ni kubwa. "Nilipofika, mlango ulifunguliwa na mlinzi alilala." Isome polepole. Kwanza "ulifunguliwa na mlinzi" inaweza kueleweka kwamba mlinzi ndiye aliyefungua. Hata ukiivuka hiyo, li mbili zinazofuata "nilipofika" zinapanga matukio kwa foleni: nikafika, mlango ukafunguliwa, mlinzi akalala. Yaani mlinzi alimwona mwenye mali, ndipo akajinyoosha alale! Msimulizi alitaka kusema kwamba hali mbili zilimsubiri pale: mlango wazi na mlinzi usingizini. Hali iliyokuwapo tayari inadai me: "Nilipofika, nilikuta mlango wa banda umefunguliwa, na mlinzi amelala." Nimetia mkato ili ile na ya kuunganisha isidhaniwe ya mtenda.

La tatu, "anashika tangi", siwezi kulisahihisha peke yangu mezani. Inabidi nimuulize mwenyewe. Je, kijana alikuwa nalo mkononi? Basi "ameshika tangi". Alikuwa ndiyo anaufikisha mkono? Basi ni kweli "anashika". Alikuwa anahangaika kulichomoa kwenye mpira wake? Basi hiyo ni shughuli yenye muda, na kitenzi kibadilike: "anachomoa tangi". Hapa msahihishaji anayebadilisha tu kwa mazoea anaweza kumwekea mtu tangi mkononi kabla hajaligusa. Tuseme jibu lake ni kwamba alikuwa nalo tayari.

Halafu "nimemuuliza" na "anakimbia". Haya ni matukio ya foleni: swali, kisha mbio. Foleni ina kiambishi chake, ka: "Nikamuuliza anafanya nini, akakimbia nalo." Angalia kwamba ndani ya lile swali na imebaki, na ni sawa, nitalirudia jambo hili mbele. "Watu wanakuja" nayo inaingia foleni: "watu wakaja".

"Lakini kijana amepotea": watu walipofika, kupotea kulikuwa kumeshatokea. Me ni sahihi, ila imeachwa mbali na nanga, kwani kabla yake kumepita ka. Katika maandishi irudishie msaada: "alikuwa ameshapotea".

La mwisho linakwenda upande wa pili. "Mpaka leo tangi halikupatikana" inafunga mlango ulio wazi. Kukanusha kwa ku kunasema jambo lilikwisha bila kutokea. Neno "mpaka leo" linasema jambo bado linasubiriwa. Kukanusha kwa ja ndiko kunakosubiri: "halijapatikana".

Maelezo yote sasa:

"Jana usiku saa tano nilitoka nyumbani kwenda pwani kuangalia ngalawa yetu. Nilipofika, nilikuta mlango wa banda umefunguliwa, na mlinzi amelala. Ndani nilimwona kijana mmoja ameshika tangi la mafuta. Nikamuuliza anafanya nini, akakimbia nalo. Nilipiga kelele, watu wakaja, lakini kijana alikuwa ameshapotea. Mpaka leo tangi halijapatikana."

Hakuna neno la mapambo lililoongezwa. Kilichohama ni viambishi na nanga mbili.

## Matukio yakifuatana, nirudie li kila mara?

Unaweza, lakini kisa kitasikika kama orodha ya sokoni: nilikwenda, nilinunua, nilirudi, nilipika. Funga li mara moja, kisha fuatisha ka: nilikwenda sokoni nikanunua changu wawili, nikarudi, nikawapika kwa nazi.

Rudi kwenye li pale unapofungua sehemu mpya (siku ya pili, mahali pengine), unaporudi nyuma kueleza jambo lililotangulia, au unapokanusha: "akabisha hodi, hakujibiwa."

Tahadhari moja ya vitenzi vifupi. Kula, kunywa, kuja na kufa hubeba ku yao vikiwa na li, me na na: alikula, amekula, anakula. Kwenye ka huiangusha: akala, akanywa, akaja, akafa. "Akakula" nakutana nayo sana kwa vijana, na kila mara naikata.

## Sisi wa pwani tunasema "kaja", "kaondoka", "keshafika". Hiyo ni ka ya kusimulia?

Hapana, ingawa zinafanana kama mapacha. "Kaja" ya barazani ni "amekuja" iliyofupishwa; "keshafika" ni "amekwisha kufika". Ka ya usimulizi ni "akaja", na mbele yake ina a ya nafsi.

Usipoamini sikio lako, itie sentensi katika wingi. "Mgeni kaja" ukiiweka wingi inakuwa "Wageni wamekuja", na me inajitokeza. "Mgeni akaja" inakuwa "Wageni wakaja". Au ikanushe: "kaja" ni "hajaja".

Madhara yake hutokea mtoto anapoandika kama anavyosema. "Babu kaingia ndani, kakaa, kaanza kula" katika insha haijulikani: ni foleni ya matukio, au ni mtu anayempasha mwenzake habari za babu alivyo sasa? Akimaanisha foleni, zile a tatu zirudishwe: akaingia, akakaa, akaanza. Katika mazungumzo ya wahusika ndani ya hadithi, mimi nawaachia "kaja" yao. Mzee wa Pangani anayesema "amekwishakuja" kila sentensi haniingii akilini.

## "Wageni wamefika jana." Sahihi au kosa?

Watu wangu wenyewe husema hivyo, kwa hiyo sitajifanya siijui. Inaposemwa kwa mdomo ina ujumbe wake: wageni wapo, wako ndani, ingia uwasalimie. "Walifika jana" haiahidi hivyo. Huenda walifika wakaondoka.

Ila katika usimulizi sina sababu ya kuitetea. Ukishataja jana, juzi, mwaka au saa ya siku iliyopita, umekwisha kukifunga kisa mahali, na msomaji anatarajia li. Taarifa ikisema "Kikao kimefanyika tarehe 4", naandika "kilifanyika".

Siku ya leo ndiyo yenye utelezi. Jioni mtu anaweza kusema "Leo nimekwenda forodhani" na mwingine "Leo asubuhi nilikwenda forodhani", wote wakawa sawa. Kinachoamua ni kama msemaji anakihesabu kisa kuwa bado kiko mkononi au amekiweka chini. Idadi ya saa haiamui. Lakini huyohuyo akianza kusimulia kwa kina, utamsikia anahamia li na ka bila kufikiri: "Leo nimekwenda forodhani bwana. Nilifika mapema, nikamkuta..."

## Mbona magazeti yanasimulia ya jana kwa wakati uliopo?

Unazungumzia vichwa vya habari, kama "Coastal yashinda Mkwakwani". Ile siyo na. Ni kiambishi a, kilichoungana na i ya timu na kuwa ya. Ndicho kilichomo katika usemi wa mji wetu, "waja leo, waondoka leo". Vichwa vya habari vinakipenda kwa sababu ni kifupi na hakijifungi kwenye saa.

Ukishuka chini ya kichwa, utaona hatua mbili zaidi. Sentensi ya kwanza huja na me: "Timu ya Coastal Union imeshinda mchezo wake wa nyumbani." Hiyo inakupasha habari mpya, yaani hali ya mambo ilivyo sasa. Kisha mwandishi anaingia katika kisa na hapo li inatawala: "Katika mchezo huo uliochezwa jana, bao lilifungwa dakika ya 20..." Mwishoni, akirudi kwenye hali ya sasa, me huibuka tena: "Mchezaji aliyeumia amepelekwa hospitali na anaendelea vizuri."

Mwanafunzi anayeiga gazeti hushika vipande vyote vitatu akavichanganya ndani ya aya moja. Akiandika habari ya ajali, anaanza "Basi linapinduka", anaendelea "limeua", anamalizia "liligonga mti". Kwanza ametia na mahali pa a. Pili, mpangilio umegeuka: kugonga mti kulitangulia kupinduka, na hakuna kiambishi kinachotuambia hivyo. "Basi limepinduka. Liligonga mti, likaacha njia, likapinduka mtaroni" ni habari, kisha kisa.

## Nikiwa na wasiwasi, nawezaje kujipima bila kumwuliza mtu?

Kanusha sentensi yako. Viambishi hivi vitatu vina vikanushi visivyofanana kabisa, na sikio hutambua kosa kwenye kukanusha haraka kuliko kwenye kukubali. Li hukanushwa kwa ku: nilifika, sikufika. Me hukanushwa kwa ja: nimefika, sijafika. Na hupotea na mwisho wa kitenzi huwa i: ninapika, sipiki.

Tuseme umeandika "Nilikuta chakula kiliiva" na hujui kwa nini haikukai. Ikanushe: "Nilikuta chakula hakikuiva." Inasikika ovyo. Ulichotaka ni "nilikuta chakula hakijaiva", na kwa hiyo upande wa kukubali ni "kimeiva".

Ja ina mahali pengine inapowashangaza watu: baada ya neno kabla. Tunasema "Kabla hajafika, tuliondoka", hata kama ni kisa cha miaka 30 iliyopita na mwenyewe alishafika, akazeeka. "Kabla hakufika" haipo. Ukiona ja inakusumbua, andika "kabla ya kufika kwake" uendelee na safari.

## "Mtu aliyevaa shati jekundu." Alivaa akavua, au amevaa?

Amevaa. Hili swali huulizwa zaidi na wageni, na ni swali zuri, kwa sababu hapa li inafanya kazi isiyo yake.

Li na na hukubali kirejeshi katikati ya kitenzi: aliyefika, anayefika. Me katika Kiswahili sanifu cha leo haikubali, hatusemi "ameyevaa". Kwa hiyo li humbebea mwenzake mzigo. "Aliyevaa shati jekundu" ni yule ambaye amevaa, "waliosimama pale" ni wale ambao wamesimama, "mtoto aliyelala" huenda bado anakoroma. Hii hutokea hasa kwa vitenzi vya kuingia katika hali nilivyovitaja juu.

Katika maelezo ya tukio, kwa kawaida maana hujieleza yenyewe: "Nilimwona mtu aliyevaa shati jekundu" hakuna anayeielewa vibaya. Penye hatari ya utata, mathalani mtu alivua shati njiani na jambo hilo lina uzito, tumia amba: "mtu ambaye alikuwa amevaa shati jekundu".

## Nikiripoti maneno ya mtu, nibadilishe viambishi vyake?

Usivibadilishe. Kiswahili humwacha mtu na maneno yake kama alivyoyasema, unabadilisha nafsi tu. Alisema "Nimechoka", unaandika "Alisema amechoka". Alisema "Ninakuja", unaandika "Alisema anakuja". Ndiyo maana katika maelezo yetu ya juu tuliandika "Nikamuuliza anafanya nini".

Ukiandika "Alisema alichoka", umesema jambo jingine: kwamba wakati anasema, uchovu ulikuwa habari ya zamani. Watu waliozoea kutafsiri hukosea sana hapa, na maandishi yao hujaa "alisema kwamba alikuwa anakuja" mpaka msomaji anadhani safari iliahirishwa.

## Lakini babu yangu akisimulia, anasema "nakwenda, mara namwona huyo, anakuja mbio". Naye anakosea?

Hakosei. Huo ni ufundi wa barazani. Anakufungia nanga kwanza ("mwaka ule nilikuwa kijana, tunavua huku Tongoni"), anakwenda na li na ka kwa muda, kisha kisa kikipamba moto anaingia kwenye na ili ukione mbele ya macho yako. Jambo likipoa anatoka: "Basi, tukarudi."

Bei yake ni hii: akishaweka matukio makuu kwenye na, haonyeshi tena tofauti kati ya linalofuata na linaloendelea. "Anakuja mbio, analia" ni alikuja kisha akalia, au alilia huku anakuja? Babu anaitatua kwa "mara" na kwa sauti. Kwenye karatasi itatue kwa ki: "mara namwona anakuja mbio, akilia." Na usiingie na kutoka kwenye na zaidi ya mara moja ndani ya aya. Katika maelezo ya ajali au wizi, iache kabisa.

## Mwanangu kaandika "Nimezaliwa Pangani mwaka 2012". Mwalimu kaikata. Kwa nini, na sisi wote ndivyo tusemavyo?

Kilichoikatisha ni ule mwaka. "Nimezaliwa Pangani, nimekulia Tanga" inaeleza mtu alivyo leo, asili yake, na me inakaa mahali pake. Akiongeza mwaka, anakuwa amehama kutoka kujieleza na kuanza kusimulia: "Nilizaliwa Pangani mwaka 2012. Nilipofika miaka sita tukahamia Tanga." Mwambie mwanao achague: ama aondoe mwaka, ama abadilishe kiambishi.